Laptopu Isiyojua Bando Limenunuliwa kwa Shilingi Ngapi

GB 5 zinazomtosha mtu wiki nzima akiwa na simu peke yake zinaweza kukata kabla ya chakula cha mchana siku anayoiwashia laptopu hotspoti. Hakutazama filamu wala hakupakua muziki. Alifungua barua pepe, akajaza alama za wanafunzi kwenye jedwali, akalituma kwa mkuu wa shule. Kisha ukaingia ujumbe kwamba kifurushi kimekwisha. Wa kwanza kutupiwa lawama huwa ni kampuni ya simu. Mara nyingi, hata hivyo, aliyelimaliza bando yuko palepale mezani, na kazi aliyokuwa akiifanya haikuonekana popote kwenye kioo chake.

Simu janja hutengenezwa ikijua kwamba kuna intaneti ya laini na kuna intaneti ya waifai. Ndiyo maana Play Store, isipobadilishwa, husubiri waifai ndipo isasishe programu zake zenyewe, na WhatsApp haipakui video yenyewe kwa data ya laini hadi mwenye simu aibonyeze. Simu inajua iko kwenye bando, kwa hiyo hujizuia bila kuambiwa.

Laptopu haina habari hiyo. Hotspoti inapowashwa, simu hujigeuza kituo cha waifai, na laptopu iliyo upande wa pili huona waifai tu, haioni tofauti yoyote na ile ya ofisini inayoletwa kwa faiba na kulipiwa kwa mwezi. Ni mgeni aliyekuta maji bafuni akaoga kwa starehe, asijue kwamba yamenunuliwa kwa dumu. Kwa hiyo kazi zote ambazo mfumo wa Windows huziahirisha hadi upate intaneti nzuri huanza papo hapo: masasisho ya mfumo wenyewe, masasisho ya programu za Microsoft Store, na OneDrive inayopandisha mafaili mtandaoni.

Kasi ya mitandao ya sasa ndiyo inayofanya jambo hili liume. Hotspoti ya 4G inayotoa megabiti 20 kwa sekunde, kasi ya kawaida tu mjini, hupitisha takriban MB 2.5 kila sekunde. Hiyo ni MB 150 kwa dakika. GB nzima hupita kwa muda usiofika dakika saba, yaani muda wa mtu kujibu barua pepe mbili. Zamani, kwenye 3G dhaifu, uzembe wa namna hii ulijificha kwa sababu bomba lenyewe lilikuwa jembamba, na mtu alizima mashine kabla haijafika mbali.

Jumanne ya pili ya mwezi

Ulaji huo hauko sawa kila siku, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Wiki tatu mambo ni shwari, ya nne bando linayeyuka. Sababu iko kwenye kalenda. Microsoft hutoa masasisho ya usalama ya Windows kila mwezi, Jumanne ya pili, kwa kawaida saa 4 asubuhi kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani. Kwa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala hiyo ni saa 2 au saa 3 usiku, kutegemea kama Wamarekani wamesogeza saa zao mbele au nyuma. Kwa hiyo anayefungua laptopu Jumatano asubuhi baada ya Jumanne hiyo hukutana na mzigo mpya unaomsubiri mlangoni.

Mzigo wenyewe huwa mamia ya MB, na mara nyingine hupita GB. Mara moja kwa mwaka, Windows 11 inapotoka toleo moja kwenda jingine, upakuaji unaweza kuwa wa GB kadhaa. Laptopu iliyokaa kabatini likizo nzima ni hatari zaidi, kwani ikiamka huwa na deni la miezi yote iliyolala: masasisho ya Windows, ya kivinjari, ya Office, ya kinga ya virusi na ya programu za Store, yote kwa mkupuo.

Dawa ya msingi imo ndani ya Windows yenyewe tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012. Ni swichi moja inayoiambia laptopu kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo. Kwenye kioo inaitwa “Metered connection”, na kwenye Windows 10 imeandikwa “Set as metered connection”. Watu wengi wamekaa na laptopu miaka mitano bila kuiona, kwa sababu Windows haimwulizi mtu anapojiunga na waifai mpya kama anailipia kwa MB. Ingekuwa busara iulize.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa sekondari mjini Iringa. Ana laptopu ya Windows 11, simu ya Android, na bando la wiki la GB 5. Hotspoti yake ameipa jina “Simu ya Mwalimu”. Anataka kujaza alama, kusoma barua pepe na kutafuta picha chache za somo la jiografia.

Kabla hajaunganisha chochote, afungue Settings, aende Windows Update, na kwenye “Pause updates” achague wiki 1. Sababu ni kwamba mtandao mpya huanza ukiwa haujawekewa alama, na dakika ile anayotafuta swichi ndiyo dakika ambayo masasisho yangeanza kuteremka. Sasa awashe hotspoti, ajiunge nayo, kisha aende Settings, “Network & internet”, “Wi-Fi”, abonyeze sehemu yenye jina la mtandao wake na neno “properties”, ashuke hadi aione “Metered connection”, na aiwashe. Kwenye Windows 10 njia ni ileile kwa majina yanayokaribiana. Hakuna kuwasha upya mashine, hakuna kuhifadhi, swichi ikishageuka rangi kazi imekwisha.

Kama hotspoti hiyo ameshawahi kuitumia, mambo ni mepesi zaidi. Chini ya “Wi-Fi” kuna “Manage known networks”, orodha ya mitandao yote ambayo laptopu inaikumbuka. Anaweza kulibonyeza jina la simu yake na kuwasha swichi hata kabla hotspoti haijawashwa.

Halafu abaki jambo moja la kukagua. Kwenye Windows Update, ndani ya “Advanced options”, kuna mstari unaosema “Download updates over metered connections”. Huo unatakiwa uwe umezimwa, na kwa kawaida hukutwa umezimwa. Lakini laptopu nyingi huja zimeshapita mikononi mwa mtu mwingine, na mwenye mashine aliyetangulia akiwa aliuwasha, alama yote ya mwalimu huwa kazi bure kwa upande wa masasisho.

Palepale ndani ya “Advanced options” kuna “Delivery Optimization”. Hii ni huduma inayoruhusu kompyuta kugawiana vipande vya masasisho, ili mashine kumi za ofisi moja zisipakue kitu kilekile mara kumi. Wazo zuri. Ubaya ni pale inapokutwa imewekwa “Devices on the internet and my local network”, maana hapo laptopu inaweza kuwapelekea watu usiowajua vipande vya masasisho kupitia bando lako. Kwenye mtandao uliowekewa alama kugawiana huko husimama. Mwalimu anaweza kuzima swichi yake kabisa, na hatapoteza chochote cha maana.

Kinachonyamaza na kinachodanganya

Alama ikishawekwa, Windows Update haipakui tena mizigo mikubwa yenyewe. Ukurasa wake humwonyesha mwalimu kwamba kuna sasisho, na kumwachia kitufe cha “Download” akiamua mwenyewe. Microsoft imejiachia mlango mdogo: masasisho machache yanayohitajika ili Windows iendelee kufanya kazi vizuri yanaweza kupita hata hivyo. Programu za Store huacha kujisasisha. Mtu akichomeka printa mpya, Windows haitafuti dereva wake mtandaoni hadi iruhusiwe, jambo ambalo limewafanya baadhi ya watu waamini printa zao ni mbovu.

Lakini lililo zito zaidi ni OneDrive, kwa pande zote mbili. Laptopu mpya ya Windows 11 iliyofunguliwa kwa akaunti ya Microsoft inaweza kujikuta imewashiwa uhifadhi wa mafolda ya Desktop, Documents na Pictures, yaani kila kinachowekwa humo hupandishwa mtandaoni. Nafasi ya bure ya OneDrive ni GB 5. Ni sadfa ya kikatili kwamba hicho ndicho kiasi kilekile cha bando la mwalimu wetu, na folda la picha za mahafali linaweza kujaza kimoja huku likimaliza kingine. Kampuni za simu hazitofautishi kinachopanda na kinachoshuka. Kila MB inayopita, kwa upande wowote, hukatwa.

Kwenye mtandao wenye alama, OneDrive husimama. Kwenye mipangilio yake, sehemu ya “Sync and backup”, kuna swichi inayohusu kusitisha ulinganishaji kwenye mitandao inayopimwa, na kwa kawaida imewashwa. Bando limepona. Sasa upo upande wa pili. Mwalimu anajaza alama kwenye jedwali lililo ndani ya folda la OneDrive, anahifadhi, anafunika laptopu, anaondoka akijua mwalimu wa taaluma ataliona. Mwalimu wa taaluma anafungua akiwa Dodoma na kukuta jedwali la wiki iliyopita.

“Mwalimu, mbona safu ya Kidato cha Pili bado iko wazi?”

“Nimejaza tangu jana mchana, mkuu. Labda mtandao wa huko.”

Mtandao wa huko hauna kosa. Faili liko kwenye laptopu peke yake. Dalili yake ipo: wingu dogo la OneDrive karibu na saa, pembeni chini ya kioo, huwa na alama ya kusimama, na likibonyezwa linaeleza sababu na kutoa nafasi ya kulinganisha hata hivyo. Jedwali la alama ni kitu cha KB chache, kulipandisha hakuumizi. Kinachoumiza ni folda la picha lililoko foleni nyuma yake, ambalo nalo litapanda ruhusa ikitolewa. Kwa kazi ndogo ya haraka ni nafuu kuliambatisha faili kwenye barua pepe au kulipandisha kupitia kivinjari, na kuiacha OneDrive ilale.

Outlook nayo inaweza kugoma kuunganisha kwenye mtandao wa namna hii hadi mtu aikubalie. Anayejua hili hubonyeza kitufe na kuendelea, na asiyejua hupoteza asubuhi akizima na kuwasha hotspoti.

Upo mpaka mwingine unaopaswa kueleweka vizuri, kwa sababu ndipo matarajio ya watu wengi huvunjika. Alama hii ni taarifa ambayo Windows huitoa kwa programu, na kila programu ina hiari ya kuisoma au kuipuuza. Programu za Microsoft huisoma. Nyingi nyinginezo haziisomi. YouTube kwenye kivinjari itacheza video kwa ubora wowote inaoona unafaa, na saa moja ya video ya 1080p inaweza kula zaidi ya GB moja na nusu. Michezo ya kompyuta na huduma nyingine za kuhifadhi mafaili mtandaoni zina mipangilio yake zenyewe. Telegram ya kwenye kompyuta hupakua picha na video za makundi yenyewe hadi izuiwe ndani ya “Automatic media download”, na WhatsApp ya kompyuta ina sehemu ya namna hiyo kwenye mipangilio yake. Mtu aliye kwenye makundi kumi ya familia, kanisa na Saccos ana sababu ya kuitafuta leo.

Jina jipya, waya mpya

Kosa linalowarudisha wengi nyuma baada ya kuweka alama ni kudhani wameiwekea simu. Hawakuiwekea simu. Wameuwekea mtandao wenye jina fulani. Mwalimu akibadilisha jina la hotspoti kutoka “Simu ya Mwalimu” kuwa “Galaxy”, Windows huuona kama mtandao mgeni kabisa, usio na alama. Akiazima hotspoti ya mwenzake chumba cha walimu, hiyo nayo ni ngeni. Akinunua simu mpya na kuipa jina jingine, kazi ni ileile tena. Anayebadilisha simu anaweza kujirahisishia kwa kuipa hotspoti mpya jina na nenosiri la ile ya zamani, na laptopu itaipokea ikidhani ni yuleyule.

Waya wa USB ni mtego uliojificha zaidi. Umeme ukikatika na chaji ya simu ikiwa chini, wengi huunganisha simu na laptopu kwa waya ili intaneti ipite humo huku simu ikichaji. Windows huiona njia hiyo kuwa ni Ethernet, sawa na waya wa mtandao wa ofisini, na alama iliyowekwa upande wa Wi-Fi haihusiki nayo. Ndani ya “Network & internet” kuna ukurasa wa “Ethernet”, na swichi ya “Metered connection” ipo humo pia. Windows 10 iliiongeza kwenye toleo la mwaka 2017. Mtu aungane kwanza kwa waya, kisha afungue ukurasa huo na kuiwasha. Akibadilisha simu iliyo mwisho wa waya, akague upya.

Watumiaji wa mifumo mingine wana njia zao, na kwa ufupi tu: kwenye Mac, mipangilio ya mtandao wa Wi-Fi ina “Low data mode”. Kwenye Ubuntu na ndugu zake, mipangilio ya mtandao ina kisanduku cha kuuweka kuwa wa kupimwa, au mtu anaweza kuandika amri hii kwenye terminali:

```
nmcli connection modify "Simu ya Mwalimu" connection.metered yes
```

Inafurahisha kwamba simu za Android, zinapogawa intaneti, hutuma ndani ya salamu zao za kwanza neno `ANDROID_METERED`, kujitambulisha kwamba zinalipiwa kwa kipimo. Simu nyingine ya Android hulisoma. Programu ya NetworkManager inayosimamia mitandao kwenye Linux nyingi hulisoma pia na kukisia sawasawa. Kwenye Windows, ni salama zaidi mtu ageuze swichi kwa mkono wake.

Kusitisha ni kitu kingine

“Pause updates” mara nyingi huchanganywa na alama ya mtandao, ingawa vinafanya kazi tofauti. Alama hufuata mtandao: laptopu ikitoka kwenye hotspoti na kuingia waifai ya chuo, masasisho huanza yenyewe, na hivyo ndivyo inavyofaa. Kusitisha hufuata kalenda: masasisho husimama kila mahali, hata pale intaneti ilipo ya bure, mpaka tarehe iliyochaguliwa ifike. Kwenye matoleo yaliyoenea ya Windows 11 mtu huchagua wiki 1 hadi 5, na kwenye Windows 10 ni siku 7 kwa kila mbonyezo hadi kufika 35. Ukomo ukifika, Windows hudai masasisho yaingie kwanza ndipo iruhusu kusitisha tena. Kusitisha huku hakuzigusi taarifa za virusi vipya za Microsoft Defender, ambazo ni ndogo na zinahitajika.

Kusitisha kunafaa pale mtu anapojua atapita kwenye mitandao migeni: safari ya wiki mbili, semina yenye hotspoti za watu, wiki ya kusahihisha mitihani kijijini. Hatari yake ni siku ya mwisho. Tarehe ikifika mtu akiwa kwenye mtandao usio na alama, mzigo wa wiki zote tano huteremka kwa pamoja. Na kuna kitufe cha kuogopwa: “Resume updates”. Hukaa mahali pale ambapo kidole kimezoea kukuta “Check for updates”, na kikibonyezwa, kutafuta na kupakua huanza mara moja. Fundi mmoja kwenye kila mtaa anaweza kusimulia habari za mteja aliyekibonyeza akidhani anaendelea na kazi yake.

Wapo wanaoenda mbali zaidi, wakazima kabisa huduma ya Windows Update kupitia `services.msc` au kwa programu za kuokota mtandaoni. Hapo ni vizuri kukumbuka yaliyotokea mwaka 2017. Tarehe 14 Machi mwaka huo, Jumanne ya pili ya mwezi, Microsoft ilitoa sasisho lililoitwa MS17-010, lililoziba tundu kwenye huduma ya kugawana mafaili. Tarehe 12 Mei kirusi cha WannaCry kilipita kwenye tundu hilohilo, kikafunga mafaili ya kompyuta takriban 200,000 katika nchi zipatazo 150, hospitali za Uingereza zikiwemo, na kudai malipo. Kati ya tarehe hizo mbili ni siku 59. Mtu aliyesitisha kwa siku 35 tu angekuwa ameshalipokea sasisho wiki tatu kabla ya kirusi kufika. Aliyezima moja kwa moja hakuwa na kinga.

Kwa hiyo mwalimu wa Iringa anahitaji siku ya kuyapokea. Palipo na waifai isiyopimwa, ya ofisi, ya chuo au ya ndugu mwenye faiba, mara moja kwa mwezi inatosha: siku chache baada ya Jumanne ya pili aingie na chaja, abonyeze “Check for updates”, aiache mashine hadi iombe kujiwasha upya, kisha akague tena, kwani baadhi ya masasisho hujitokeza baada ya mengine kuingia. Asiye na waifai ya namna hiyo anaweza kusubiri bando la usiku pale kampuni yake inapoliuza kwa bei nafuu, na kubonyeza “Download” kwa hiari yake akiwa bado kwenye mtandao wenye alama. Kwa wenye Windows 10 mzigo huu umepungua kwa njia isiyopendeza: Microsoft iliacha kuipa masasisho ya kawaida ya bure tarehe 14 Oktoba 2025, na yanayoendelea ni ya usalama kwa waliojiandikisha kwenye mpango wa nyongeza.

Kumjua mlaji

Hata baada ya yote hayo, bando linaweza kuendelea kupungua. Njia rahisi ya kupima ni kuifungua laptopu, kuiunganisha na hotspoti, kufunga programu zote, na kusoma kwenye simu kiasi ambacho hotspoti imetumia. Baada ya dakika kumi mtu asome tena. Laptopu iliyotulia hutumia MB chache tu. Ikiwa zimepita MB 100, yupo anayekula.

Kumtafuta, mtu abonyeze Windows na R kwa pamoja, aandike `resmon`, na afungue kurasa ya “Network”. Hapo hupangwa programu zote zinazotumia mtandao wakati huohuo, na idadi ya baiti kwa sekunde. Jina la `chrome.exe` au `OneDrive.exe` halihitaji maelezo. Likionekana `svchost.exe` linapokea kwa wingi, mshukiwa mkuu ni Windows Update, na mtu arudi kuangalia kama swichi ya alama imebaki ilivyo, kama hayuko kwenye waya wa USB, na kama jina la hotspoti ni lilelile. Kwa historia ya mwezi mzima kuna “Data usage” ndani ya “Advanced network settings”, inayoonyesha kila programu ilikula kiasi gani kwa siku 30. Hapo unaweza pia kuweka kikomo, lakini kikomo cha Windows huonya tu, hakikati.

Kinachokata kiko kwenye simu. Android ina “Data warning & limit” kwenye mipangilio ya laini, na “Set data limit” ikiwashwa, simu huzima data ya laini yenyewe kiasi kikifika. Ugumu wake ni kwamba hesabu hiyo huenda kwa mwezi, wakati bando la mwalimu ni la wiki. Kama Jumatatu anaponunua GB 5 simu inaonyesha ameshatumia GB 11.2 mwezi huu, kikomo hakiwekwi 5, huwekwa karibu 16, na akiweka 15 anabaki na akiba ya GB 1.2 kwa tofauti ndogo kati ya hesabu ya simu na ya kampuni. Kikomo hicho pia hukata simu nzima, WhatsApp ikiwemo. “Data Saver” haitasaidia hapa, kwa sababu kwenye simu nyingi za Android ikiwashwa hotspoti hukataa kuwaka.

Baadhi ya simu za Xiaomi zina njia nzuri zaidi ndani ya mipangilio ya hotspoti, inayoitwa “One-time data limit”. Mwalimu akiiwekea MB 300 kwa kazi ya asubuhi, laptopu ikizifikisha hukatiwa yeye peke yake. Jedwali linabaki wazi kwenye kioo, na simu inaendelea kupokea ujumbe kama kawaida.